Utalipwa au hutalipwa? Jinsi tafsiri ya simu inavyopoteza neno la kukanusha

Kati ya "utalipwa" na "hutalipwa" kuna herufi moja tu. Kwa mtu anayesubiri hela ya fidia, mshahara au malipo ya mzigo aliopeleka, herufi hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kewanja, kijiji kilichopo eneo la Nyamongo wilayani Tarime, mkoani Mara, ni mahali ambapo jambo hili lina uzito. Nyumbani watu wanaongea Kikuria, ofisi ya kijiji inaandika Kiswahili, na jirani kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, sekta ambayo mikataba na barua zake nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Meseji ya Kiingereza ikiingia kwenye simu, njia ya haraka ni kuinakili, kuibandika kwenye programu ya tafsiri na kusoma kinachotoka.

Mara nyingi kinachotoka kinaeleweka vizuri. Tatizo ni kwamba kinaweza kueleweka vizuri na bado kikawa kinyume cha kilichoandikwa.

Kwa nini mashine inakosea hapo

Mashine ya tafsiri hujifunza kutoka kwenye mamilioni ya sentensi zilizowekwa mbili mbili, moja ya lugha hii na nyingine ya lugha ile. Ikipewa sentensi mpya, inatoa maneno yanayoelekea zaidi kufuatana, kwa kadiri ilivyozoea. Katika maandishi ya kawaida, sentensi zinazokubali ni nyingi kuliko zinazokanusha. Kwa hiyo sentensi ikiwa ndefu na ukanushi umejificha katikati, mashine inaweza kuteleza kuelekea kile ilichokizoea.

Sababu ya pili ni namna mashine zinavyopimwa. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kinaitwa BLEU, na kilitangazwa na watafiti wa IBM mwaka 2002. Kinalinganisha maneno ya mashine na maneno ya mtafsiri binadamu. Sentensi ya maneno 20 ikipoteza neno moja la kukanusha, bado maneno 19 yanafanana, na alama inabaki nzuri. Kipimo hakijui kwamba neno lililopotea ndilo lililobeba ujumbe.

Mwaka 2020 watafiti Md Mosharaf Hossain, Antonios Anastasopoulos, Eduardo Blanco na Alexis Palmer walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Walikuta kwamba uwepo wa ukanushi kwenye sentensi unaweza kushusha sana ubora wa tafsiri, hata kwa mifumo iliyofanya vizuri kwenye mashindano.

Kiswahili kinaongeza ugumu wake. Kiingereza huweka ukanushi kama neno linalosimama peke yake, lakini sisi tunauchomeka ndani ya kitenzi: *ha*talipwa, *si*jalipwa, u*si*polipa. Wakati mwingine unagusa pande mbili za kitenzi, kama "unalipwa" inavyogeuka "hulipwi". Na "hulipwa", ambayo inafanana nayo sana, haikanushi chochote. "Fidia hulipwa kupitia benki" maana yake ndivyo inavyolipwa siku zote.

Meseji moja, makosa matatu

Tuchukue mfano. Meseji hii na tafsiri yake vimetungwa kwa ajili ya makala hii, havikutoka kwenye kampuni wala ofisi yoyote:

```
Payment will not be made until your bank form is verified.
Forms must be received no later than 15 March.
Unless you object in writing, the measured area
will be treated as final.
```

Tuseme tafsiri inatoka hivi:

"Malipo yatafanywa hadi fomu yako ya benki itakapohakikiwa. Fomu lazima zipokelewe baada ya tarehe 15 Machi. Ukipinga kwa maandishi, eneo lililopimwa litachukuliwa kuwa la mwisho."

Kiswahili chake hakina shida kubwa, na ndiyo maana ni hatari. Lakini sentensi zote tatu zimepinduka. Maana ya kweli ni hii:

"Malipo hayatafanywa mpaka fomu yako ya benki ihakikiwe. Fomu zifike tarehe 15 Machi au kabla ya hapo. Usipopinga kwa maandishi, vipimo vya eneo lako vitahesabiwa kuwa vya mwisho."

Angalia hasara yake. Aliyeamini tafsiri ya kwanza atakaa akisubiri hela, kumbe hela ndiyo inayosubiri fomu yake. Fomu ataipeleka tarehe 18, siku tatu baada ya mlango kufungwa. Na kama shamba lake limepimwa pungufu, atanyamaza akidhani kupinga ndiko kutakakomponza, wakati kunyamaza ndiko kunakofunga mjadala.

Mashine za siku hizi hukosea mara chache kwenye ukanushi mfupi wa moja kwa moja, wa aina ya "sitalipa". Zinapokwama zaidi ni kwenye ukanushi unaobeba sharti au mpaka wa muda, kama `unless`, `until`, `no later than`, na kwenye `not all`. Hiyo ya mwisho inahitaji umakini wa pekee. "Si madai yote yatalipwa" maana yake baadhi yatalipwa. "Madai yote hayatalipwa" inaeleweka kirahisi kwamba hakuna litakalolipwa hata moja.

Namna ya kulinasa kosa

Hatua ya kwanza haihitaji Kiingereza kingi. Rudi kwenye meseji ya awali na utafute maneno haya: `not`, `no`, `never`, `unless`, `until`, `without`, `except`, `only`, `fail`, pamoja na maneno yanayoishia na `n't`. Yahesabu. Kisha tafuta kwenye Kiswahili mahali kila moja lilipotua. Linaweza kuwa *ha-*, *si-*, *-si-* katikati ya kitenzi, au neno kama "bila", "kabla", "isipokuwa", "mwisho" na "tu". Idadi si lazima ilingane, ila kila neno la kukanusha au la kuweka mpaka lazima liwe na mahali lilipofikia.

Kwenye mfano wetu, Kiingereza kina sehemu tatu za kukanusha. Tafsiri ya kwanza ina sufuri. Hapo tayari una sababu ya kusimama.

Hatua ya pili ni kuipindua sentensi kwa makusudi. Futa neno `not` kwenye Kiingereza, kisha itafsiri upya sentensi hiyo peke yake. Kama Kiswahili kinachotoka ni kilekile cha mwanzo, basi mara ya kwanza mashine ilikuwa imeliruka neno hilo.

Hatua ya tatu ni kujiuliza kama tangazo linaleta mantiki. Tarehe ya mwisho hutaja siku ya kufunga, kwa hiyo "lazima zipokelewe baada ya tarehe 15" haikai sawa. Malipo ya mara moja hayaendelei "hadi" jambo fulani litokee. Na ni ajabu kwa barua kukuambia kwamba ukipinga, ndipo mambo yanakuwa ya mwisho.

Wengine huchukua Kiswahili na kukirudisha kwenye Kiingereza ili kuona kama kinafanana na cha mwanzo. Inasaidia, lakini usiitegemee peke yake. Mashine inaweza kukosea kwenda na ikakosea tena kurudi, kosa moja likafuta jingine, ukaona kila kitu kiko sawa.

Ukiandika wewe

Kosa linaweza kuanzia upande wa mwandishi pia. Kwenye meseji za kawaida watu wengi huangusha herufi "h" na kuandika "ujalipa" badala ya "hujalipa", au "atujalipwa" badala ya "hatujalipwa". Msomaji wa Tanzania anaelewa bila shida. Mashine ina herufi tu za kutegemea, na "h" iliyoanguka ilikuwa ndiyo ukanushi wenyewe.

Wapo pia wanaoongeza "h" pasipotakiwa. "Mjomba hatalipwa Ijumaa", kwa mwandishi aliyekusudia "atalipwa", itatafsiriwa kwamba mjomba hapati kitu.

Kwa hiyo, kama meseji yako itapitia kwenye tafsiri, vunja sentensi ziwe fupi na utaje siku yenyewe. Badala ya "fomu zisicheleweshwe kupita tarehe 15", andika: "Siku ya mwisho ya kupokea fomu ni tarehe 15 Machi. Tarehe 16 Machi ofisi haitapokea fomu." Sentensi ya kwanza haina ukanushi wa kupotea. Ya pili inarudia jambo lilelile kwa upande mwingine, hivyo moja ikiharibika, nyingine itapingana nayo na msomaji atashtuka.

Mtego wa "ndiyo"

Kuna kosa jingine ambalo tafsiri hailirekebishi hata ikiwa sahihi neno kwa neno. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Hujalipwa bado?", ukajibu "Ndiyo", unakubaliana na aliyeuliza kwamba hujalipwa. Kwa Kiingereza, swali lilelile likijibiwa `Yes`, wengi wataelewa kwamba umeshalipwa.

Mhasibu anayefuatilia orodha ya malipo akipata jibu hilo, anaweza kuweka alama kwenye jina lako na kuendelea na wengine. Usijibu neno moja. Andika sentensi nzima: "Sijalipwa. Hela haijaingia mpaka leo tarehe 10." Na ukiwa wewe ndiye unayeuliza, uliza bila kukanusha: "Umelipwa?"

Kabla ya kusaini au kuacha siku ipite

Usifute meseji ya awali. Tafsiri ni msaada wa kusoma, na mkibishana baadaye, kitakachoangaliwa ni maneno yaliyotumwa na siku yalipotumwa.

Kisha mrudie aliyetuma na umuulize kwa namna ambayo haiwezi kujibiwa kwa maana mbili: "Fomu yangu nikiileta tarehe 14 Machi, itapokelewa? Nikiileta tarehe 16, itapokelewa?" Majibu mawili yanayotofautiana ndiyo yanayoonyesha mpaka ulipo. Akijibu "ndiyo" kwa yote mawili, bado hamjaelewana, na siku ya mwisho hujaijua.