Kwa nini tairi lililojazwa upepo alfajiri Rumonge husoma juu zaidi likifika Bujumbura?

Dereva wa basi dogo anayeondoka Rumonge kabla ya jua kuchomoza hupima matairi yake na kukuta geji inasoma bari 2.5. Hasafiri na pampu, wala hasimami njiani kuongeza upepo. Baada ya kilomita zipatazo 75 za lami kandokando ya Ziwa Tanganyika anaingia Bujumbura, anapima tena tairi lile lile, na sasa geji inasoma karibu bari 2.85. Hakuna aliyeongeza hata pumzi moja. Upepo wa ziada umetoka wapi?

Neno upepo, ambalo sote hulitumia kwa fundi wa matairi, linapotosha kidogo, kwa sababu halitofautishi hewa iliyomo ndani ya tairi na nguvu ambayo hewa hiyo inasukumia kuta zake. Vitabu vya fizikia huiita nguvu hiyo, kwa kila kipande cha eneo, kanieneo. Hewa ya dereva wetu haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kanieneo yake, na kiasi cha ongezeko hilo hakiwezi kukokotolewa sawasawa bila kwanza kujua geji inapima nini hasa.

Geji hupima tofauti

Geji ya mshale inayotumika katika gereji nyingi ina mrija mwembamba wa chuma uliopindwa, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Hewa ya tairi huingia ndani ya mrija na kujaribu kuunyoosha. Hewa ya nje huuzunguka mrija huo huo na kuusukuma kutoka upande wa pili. Mshale husogea kwa kadiri ya tofauti kati ya misukumo hiyo miwili. Ndiyo maana geji iliyolala mezani husoma sifuri, ingawa imezungukwa na hewa yenye uzito. Tairi lililopasuka nalo husoma sifuri, na bado lina hewa ndani, hewa yenye kanieneo sawa na ya nje.

Usomaji huo ndio unaoitwa kanieneo ya geji. Ukitaka kanieneo kamili, yaani ile inayohesabiwa kuanzia ombwe tupu lisilo na hewa yoyote, lazima uongeze kanieneo ya angahewa ya mahali ulipo. Kwenye usawa wa bahari, Dar es Salaam au Mombasa, kiasi hicho ni kama bari 1.01. Lakini uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770, na hewa iliyobaki juu yake ni pungufu. Rumonge, kiasi cha kuongeza ni kama bari 0.92. Kwa hiyo tairi lililosoma 2.5 alfajiri lilikuwa na kanieneo kamili ya bari 3.42. Zaidi ya robo ya msukumo uliomo ndani ya tairi haionekani kabisa kwenye geji.

Hesabu ya safari moja

Chembe za hewa ndani ya tairi hazitulii. Hugonga kuta mfululizo, na hewa inapopata joto huenda kasi zaidi, hugonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfaransa Guillaume Amontons alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa huongeza msukumo wake kwa uwiano ule ule kila inapopashwa joto kwa kiwango kile kile. Kutokana na hilo akafikiri kwamba lazima kuwe na ubaridi wa mwisho ambapo msukumo ungetoweka. Mwaka 1848 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia kwenye sifuri ya namna hiyo. Leo tunajua kuwa iko nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Tuseme alfajiri hiyo hewa ya tairi ilikuwa na nyuzi 22 za Selsiasi. Ongeza 273, unapata 295. Mpira wa tairi hupinda na kunyooka kila linapozunguka, na kupinda huko huzalisha joto. Lami iliyopigwa na jua huongeza lake. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 52, kwa kipimo cha Kelvin ni 325. Sasa chukua kanieneo kamili, 3.42, zidisha kwa 325, gawanya kwa 295. Jibu ni kama 3.77. Ondoa bari 0.92 za angahewa, kwa kuwa geji haizioni, na unabaki na 2.85. Ndicho alichosoma dereva. Kwa tairi kama hili, kila nyuzi 10 za joto huongeza bari 0.12 hivi.

Tazama sasa njia mbili za kukosea. Anayesahau angahewa na kuzidisha moja kwa moja ile 2.5 ya geji atapata 2.75, na atadhani bari 0.1 iliyozidi ina sababu nyingine. Anayegawanya 52 kwa 22 kwa nyuzi za Selsiasi atapata tairi la karibu bari 6, jambo ambalo hata dereva asiyejua fizikia hatalikubali. Kosa la pili hujifichua lenyewe. La kwanza ni baya zaidi kwa sababu jibu lake linakaribia ukweli.

Hesabu hii inachukulia kwamba tairi halipanuki. Kwa kweli hutanuka kidogo sana, lakini nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira hulizuia kiasi kwamba tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la geji nyingi za kando ya barabara.

Kosa la kutoa upepo kwenye tairi la moto

Hapa ndipo suala hili linapogusa uhai wa watu. Dereva anayeona 2.85 huweza kudhani tairi limejazwa kupita kiasi, akabonyeza vali hadi geji irudi 2.5. Kwa wakati huo kila kitu kinaonekana sawa. Lakini usiku hewa ikirudi nyuzi 22, kanieneo kamili inashuka kutoka 3.42 hadi 3.10, na geji ya asubuhi inasoma 2.18. Safari inayofuata inaanza na tairi legevu. Tairi legevu hupinda zaidi ubavuni, kupinda hukuza joto, na joto hudhoofisha gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi zake. Mwisho wake ni kuchanika ghafla, mara nyingi gari likiwa limejaa watu au madumu ya mawese na likienda kasi. Kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni ni cha tairi baridi, yaani gari lililoegeshwa kivulini kwa saa kadhaa, na kipimo kifanyike kabla ya kuondoka.

Kuna hadaa nyingine ambayo madereva wachache huijua. Chukua tairi lililoanza safari likiwa na bari 1.9 tu. Kwa kuwa linapinda sana, hewa yake inaweza kufika nyuzi 80. Fanya hesabu ile ile, na ukipima njiani utakuta kama bari 2.45. Geji inasema tairi ni zima, wakati ndilo lililo hatarini kuliko yote. Kinachomfichua mgonjwa huyu ni mkono. Karibisha kiganja kwenye matairi mawili ya ekseli moja bila kuyagusa kwa nguvu. Likiwa moja lina joto kali kuliko mwenzake, liache lipoe kisha ulipime tena. Dalili nyingine huja polepole: tairi linalotembea na upepo mdogo hulika kingo zote mbili, na lililojazwa kupita kiasi hulika katikati.

Ikiwa ni lazima kuongeza upepo njiani, ongeza hadi lilingane na tairi zima la upande wa pili lenye moto kama huo, kisha upime upya asubuhi.

Mtungi wa mzamiaji

Pwani hiyo hiyo ina watu wanaoishi na kanieneo kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1970 samaki wa mapambo wa Tanganyika wamekuwa wakikamatwa katika maji ya Burundi na kusafirishwa ng'ambo, na wazamiaji wanaowakamata hupumua hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi ya chuma hadi bari 200 hivi.

Kompresa huipasha hewa joto inapoishindilia. Mtungi uliotoka kujazwa ukiwa na nyuzi 50 na kusoma bari 200 utasoma takriban 184 ukishapoa hadi nyuzi 25, joto la kawaida la maji ya juu ya ziwa. Hakuna tundu lililovuja. Ukifanya hesabu kwa kuongeza bari 0.92 za angahewa au bila kuziongeza, jibu linatofautiana kwa takriban bari 0.1 tu, kiasi ambacho mshale hauwezi kukionyesha. Angahewa, iliyokuwa zaidi ya robo ya hesabu ya tairi, hapa ni kama tone ndani ya ndoo. Kipimo cha Kelvin peke yake ndicho kisichosameheka. Ni kweli pia kwamba hewa iliyobanwa kiasi hicho haifuati kanuni ya Amontons kikamilifu, na majibu yanaweza kupotoka kidogo.

Kwa mtungi wa lita 12, zile bari 16 zilizopungua ni sawa na lita 190 hivi za hewa ambazo mzamiaji alidhani anazo. Ndiyo maana wajazaji wazoefu hujaza polepole, na mzamiaji makini husoma geji yake mtungi ukiwa umepoa. Mtungi huo huo uliojaa bari 200 ukiachwa juani hadi nyuzi 60 utapanda hadi karibu 224. Mtungi mzima hujaribiwa kwa shinikizo kubwa kuliko hilo. Mtungi ulioliwa na kutu kwa ndani hauna dhamana hiyo.

Na anayepanda mlima?

Lori likiondoka kando ya ziwa na kupanda hadi Bugarama, kwenye mita zipatazo 2,200, angahewa hupungua kutoka bari 0.92 hadi 0.78 hivi. Hewa ya tairi haijaguswa, lakini geji inasoma karibu bari 0.14 zaidi kwa sababu msukumo wa nje umepungua. Dereva akilala huko na asubuhi ikawa na nyuzi 12, ubaridi utaondoa bari 0.12. Tairi lililosoma 2.5 Rumonge alfajiri litasoma 2.52 Bugarama alfajiri. Mlima umeongeza, baridi imepunguza, na dereva ataondoka akiamini hakuna kilichobadilika.