Vigezo na masharti kuzingatiwa

Mkiani mwa vipeperushi vingi vya maduka, kwa herufi ndogo, utakuta maneno haya: vigezo na masharti kuzingatiwa. Ni tafsiri ya usemi wa wanasheria wa Kiingereza, ambao hupenda kupanga maneno mawili yanayobeba maana moja. Kwa Kiswahili "masharti" yalitosha. Kigezo ni kipimo, kama kile cha kumchagua mwombaji wa kazi; mnunuzi wa dagaa hapimwi na mtu. Kisha "kuzingatiwa" haitaji nani azingatie, wala nini.

Tuchukue mfano wa duka la vyakula vya Afrika Mashariki na Kongo, mtaa wa Mahatma Gandhi, Durban. Kipeperushi chake kinasema: "OFA KABAMBE! Dagaa bei ya kutupa! Wahi sasa! Vigezo na masharti kuzingatiwa." Jirani akikisoma hajui bei, siku, wala kiasi. Akifika akaambiwa ofa ilikuwa ya pakiti mbili tu kwa kila mtu, atahisi ametegwa.

Sheria ya Kulinda Wateja ya Afrika Kusini, namba 68 ya 2008, inaligusa jambo hili. Kifungu cha 22 kinataka maandishi anayopewa mteja yaeleweke na mtu wa kawaida bila kusumbuka. Kifungu cha 30 kinakataza kutangaza bidhaa kwa bei fulani kwa namna inayompotosha mteja kuhusu upatikanaji wake. Muuzaji akiwa na kikomo, akitaje waziwazi. Kwa hiyo mstari ule wa mkiani haumsaidii: unasema masharti yapo, hausemi ni yapi.

Dawa ni kuyatoa masharti huko chini na kuyaweka ndani ya habari yenyewe:

"Jirani, karibu Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Dagaa wakavu wa Tanganyika (ndagala), pakiti ya gramu 250, randi 30 badala ya 40. Tuna pakiti 60, kwa hiyo kila mtu achukue zisizozidi mbili."

Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayoleta ukarimu. Kikomo kimepewa sababu, na msomaji anaona kwamba kimewekwa ili na wengine wapate. "Ndagala" limeongezwa kwa ajili ya Warundi na watu wa Uvira, wanaomwita samaki huyo hivyo. Mtu wa Bukavu akisoma "dagaa" peke yake huenda akawaza sambaza wa Ziwa Kivu.

Kabla ya kuchapa, mpe kipeperushi mtu asiyefanya kazi dukani, akisome mara moja, kisha umuulize: lini, bei gani, mwisho pakiti ngapi? Swali analolijibu kwa kubahatisha ndilo sentensi ya kuandikwa upya. Na zile pakiti 60 zihesabiwe rafuni kwanza, maana zikichapwa, duka limeahidi kuwa nazo.