Uyoga Usitoe Maji Kikaangoni

Wengi hulalamika kuwa uyoga wao kila ukikaangwa hutoa maji na kutepeta. Sababu ni kwamba karibu asilimia 90 ya uyoga ni maji. Ukiujaza kikaangoni, mvuke hukosa pa kutokea, na uyoga huchemka badala ya kukaangika.

Chukua pakiti ya gramu 250 ya uyoga mweupe, ukate vipande vya unene wa nusu sentimita. Ikiwa kikaango chako kina upana wa sentimita 25, kaanga kwa mafungu mawili. Weka moto mkali. Tone la maji likirukaruka na kukauka mara moja, tia kijiko kimoja cha mafuta, kisha tandaza vipande bila kupandana. Usiviguse kwa dakika 3. Chini vikishakuwa rangi ya hudhurungi, vigeuze, ungoje dakika 2 zaidi. Hapo ndipo utie chumvi, kwani chumvi ikitangulia huvuta maji nje.

Maji yakishatoka, usiyamwage. Ongeza moto mpaka yakauke, na uyoga utaanza kukaangika.