Mabadiliko ya maana: mifano kutoka ukanda wa Geita na Shinyanga

Mabadiliko ya maana ni hali ya neno kubaki na umbo lake huku kile linachokitaja kikihama. Neno laweza kupanuka likataja vitu vingi kuliko zamani, laweza kufinyika likabaki na kimoja, na laweza kupanda au kushuka hadhi masikioni mwa wasemaji. Msomi wa Kifaransa Michel Bréal, ambaye kitabu chake cha mwaka 1897 kilijenga msingi wa tawi hili la isimu, alisisitiza kwamba maana hubadilishwa na watu kwa sababu ya mahitaji yao. Neno halina uhai wake pekee.

Mifano mingi iliyozoeleka katika vitabu vya Kiswahili inatoka pwani. Kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Nkome wilayani Geita hadi Kahama na Shinyanga, ipo mifano iliyo hai zaidi, kwa sababu huko mabadiliko yametokea ndani ya kumbukumbu za watu walio hai. Kiswahili cha ukanda huo kimekaa bega kwa bega na Kisukuma, Kizinza na Kisumbwa, na uvuvi na dhahabu vimevuta watu kutoka kila pembe ya nchi.

Aina

Kupanuka kunaonekana katika neno dagaa. Baharini dagaa ni samaki wadogo wa maji ya chumvi. Neno lilipofika bara lilipewa samaki wengine kabisa: yule wa Ziwa Victoria, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani, kwa ukoo yuko karibu na ningu na hana undugu wa karibu na dagaa wa Unguja. Kilichohamisha jina ni udogo wake na namna anavyokaushwa. Kutoka hapo neno limefika hata mahakamani, ambapo washtakiwa wadogo huitwa dagaa huku wakubwa wao wakiitwa papa au mapapa.

Kushuka hadhi kuna mifano miwili mikubwa. Katika kamusi za karne ya 19 mjinga ni mtu mgeni, aliyefika juzi na hajajua desturi za mahali, hasa mtumwa aliyetoka bara. Ugeni uligeuka kutokujua, na kutokujua kukageuka upungufu wa akili. Bepari nalo, lililotoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, lilimaanisha mchuuzi au mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuweza tena kutajwa bila lawama.

Kupanda hadhi ni nadra zaidi. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye tabia njema, awe na ukoo wowote.

Ziwani na machimboni

Nkome ni kata ya wavuvi, na neno lake la kila siku ni mwalo: mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa. Neno ni la lugha za ziwani. Kiganda kina omwalo kwa maana hiyo hiyo. Idara za uvuvi zimelipokea, na leo mialo hutajwa kwa jina hilo katika nyaraka za serikali.

Ukitoka Nkome kwenda ndani, kwenye machimbo ya Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, utaambiwa kuna mwalo mahali ambapo hakuna ziwa wala mtumbwi. Huko mwalo ni uwanja wa kuchenjulia dhahabu. Mawe hupasuliwa kwa karasha, husagwa yawe unga, kisha unga huo humwagwa pamoja na maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa kitambaa kizito. Mchanga mwepesi hushuka na maji. Dhahabu, kwa uzito wake, hunasa kwenye nyuzi. Kiungo kinachoelekea kuwa cha kweli kati ya mialo hiyo miwili ni maji na biashara kwa pamoja: kote kuwili mzigo hufikishwa kwenye maji, husafishwa, na mnunuzi anasubiri pembeni.

Mchanga uliokwisha kuoshwa huitwa marudio. Neno lililokuwa la tendo lolote linalofanywa tena limefinyika likawa jina la bidhaa, kwa kuwa mchanga huo hauwi takataka. Hukusanywa na kuuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi, ambayo huyeyusha dhahabu iliyobaki mchangani. Mawe nayo yamefinyika vivyo hivyo. Mchimbaji akisema amepata mawe, hasemi mwamba wowote; anasema mwamba wenye dhahabu.

Duara limekwenda mbali zaidi. Kwa mwanafunzi wa hisabati ni umbo la mviringo, na kamusi za kale za pwani zinaongeza maana ya gurudumu na mtambo wa kuvutia kamba. Machimboni ni shimo lenyewe, linaloshuka wima na kushikiliwa kando na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Lakini mtu anayesema ana maduara mawili Rwamgasa huenda hajawahi kushuka hata moja. Kwake duara ni mradi: mtaji wa chakula, baruti na kamba anaoutoa kwa wachimbaji, pamoja na fungu lake la mawe siku duara likitema. Hivyo umbo limekuwa shimo, na shimo limekuwa mali.

Sungusungu

Neno la ukanda huu lililosafiri kuliko yote ni sungusungu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalijua kwa maana ya mdudu tu: aina ya chungu mkubwa mweusi anayeuma vikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe kwa kutumia bunduki ukawazidi nguvu polisi. Wanavijiji wa Kahama na maeneo jirani ya Nzega waliunda vikundi vya kujilinda kwa pinde, mishale na filimbi. Filimbi ikipulizwa, kila mwanamume mwenye nguvu alitoka na upinde wake, na kijiji jirani kikaipokea sauti hiyo na kuipeleka mbele, hadi mwizi akajikuta amezingirwa. Aliyekutwa na hatia alitozwa faini ya ng'ombe, au alitengwa: hakuna wa kumuuzia chumvi, kumwazima moto wala kumsaidia msibani. Kutengwa huko ndiko kulikoogopwa zaidi.

Jina la vikundi hivyo hupewa maelezo mawili. La kwanza ni la mdudu: weusi, wingi, na kushambulia kwa pamoja. La pili ni neno la Kisukuma busungu, yaani sumu, ile inayopakwa kwenye mishale. Si lazima kuchagua. Mzungumzaji wa lugha mbili hulisikia neno kwa masikio yote mawili, na jina linaloshikiliwa na mizizi miwili hudumu.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliunga mkono vikundi hivyo, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuvipa mamlaka ya kukamata. Hapo neno lilianza kupanuka kwa kasi. Lilivuka Usukuma na Unyamwezi, likafika Dar es Salaam katika miaka ya 1990 kwa maana ya ulinzi wowote wa usiku wa mtaa, hata pale ambapo walinzi hawakuwa na upinde wala kiongozi wa jadi. Likavuka pia mpaka hadi Kisii nchini Kenya. Mtaani likapata maana nyingine mbili: zamu ya kulinda, na fedha anayotoa asiyeweza kulinda.

Sarufi ndiyo inayotuonesha wazi kwamba hatua hizi ni maana tofauti. Mtu husema «sungusungu ameniuma» kwa mdudu na «sungusungu wamemkamata» kwa walinzi, kwa upatanisho wa viumbe hai. Lakini husema «sungusungu inaanza saa nne usiku» kwa zamu. Upatanisho umebadilika kwa sababu kinachotajwa si kiumbe tena.

Hadhi ya neno nayo iliyumba. Kwa mfugaji aliyerudishiwa mifugo lilikuwa neno la heshima. Kwa familia za vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo kwa kawaida ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, lilikuwa neno la kutisha, kwani baadhi ya vikundi vilihusishwa na mateso na mauaji yao. Kamusi zinazolieleza kuwa ni walinzi wa jadi tu zinawanyima wasomaji nusu ya historia yake, na hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa.

Ndani ya vikundi hivyo neno jingine lilifufuka. Kiongozi aliitwa ntemi, cheo cha watawala wa Kisukuma na Kinyamwezi ambacho serikali ilikifuta mwaka 1963. Neno lililopoteza kiti lilipata kazi mpya miaka ishirini hivi baadaye, likiwa limefinyika: halikumaanisha tena mtawala wa nchi na mvua, bali mkuu wa ulinzi wa kijiji.

Uthibitisho

Njia ya kawaida ni kulinganisha kamusi za nyakati tofauti: ya Krapf ya mwaka 1882, ya Madan ya 1903, ya Johnson ya 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981. Udhaifu wake ni kwamba watungaji wa kwanza walisikiliza Mombasa na Unguja. Neno kama mwalo likikosekana humo, hiyo haina maana kwamba halikuwepo. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeuliza Nkome. Kwa hiyo mtafiti wa bara hulazimika kuongeza magazeti, kumbukumbu za mahakama na masimulizi ya wazee.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuunganisha maneno mawili kwa sababu yanafanana sauti. Ili kudai kwamba maana moja imezaa nyingine, ni lazima kuonesha ipi ilitangulia, nani walitumia zote mbili kwa wakati mmoja, na matumizi gani ya katikati yaliunganisha ncha hizo. Sungusungu linapita majaribio yote matatu. Kwa duara, mnyororo ni mfupi lakini unaonekana, kwani kila hatua bado inasemwa machimboni.

Hali ya sasa

Kuanzia miaka ya 2000 polisi wameeneza majina polisi jamii na ulinzi shirikishi, na mijini yanachukua nafasi ya sungusungu katika barua rasmi. Masoko ya madini yaliyofunguliwa mwaka 2019, likiwemo la Geita, yamepeleka baadhi ya maneno ya machimboni kwenye fomu za serikali. Na kama ntemi, neno chifu nalo limerudi, kwenye sherehe za utamaduni. Mwaka 2021, mkoani Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya.