Vichwa Vitano vya Maelezo ya Upasuaji: Kutoka Papiri ya Misri hadi Hospitali za Rungwe

Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua Tukuyu leo, ujauzito ujao anaweza kuupeleka Igogwe, Itete, au akapandishwa gari la wagonjwa hadi Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo sabini kwa barabara ya milimani. Atakayempokea huko hakuwepo siku ile ya kwanza, na aliyempasua huenda amekwisha hamishwa. Kovu la nje litamwambia mpokeaji kwamba tumbo liliwahi kufunguliwa, lakini halitamwambia mfuko wa uzazi ulikatwa wapi, na hilo ndilo analolihitaji. Mkato wa kulala kwenye sehemu ya chini ya mfuko huachia kovu imara: kwa wanaojaribu kujifungua kawaida baadaye, mfuko hupasuka kwa chini ya mmoja kati ya mia. Mkato wa wima uliopanda sehemu ya juu hupandisha hatari hiyo hadi kati ya wanne na tisa kwa mia, kwa hiyo mama mwenye kovu hilo hujifungua tena kwa kupangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala ilhali mfuko ulikatwa kwa wima. Kwa hiyo tofauti kati ya mama hawa wawili inabaki katika maandishi tu. Hoja ya makala haya ni kwamba vichwa vinavyogawa maelezo ya upasuaji, yaani sababu, yaliyokutwa, yaliyofanyika, ufungaji na matatizo, havikubuniwa ili karatasi ipendeze. Vilibuniwa ili kilichonyamaziwa kionekane, na historia yake inathibitisha hivyo.

Asili ya jambo hili ni ya kale sana. Papiri iliyonunuliwa na Edwin Smith mjini Luxor mwaka 1862, ambayo iliandikwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaeleza wagonjwa 48, wengi wao majeruhi. Karibu kila kisa kinafuata mpangilio mmoja: jina la jeraha, namna ya kulichunguza, hukumu ya tabibu, kisha tiba. Hukumu yenyewe ilikuwa na majibu matatu tu: nitalitibu, nitapambana nalo, au halitibiki. Tabibu hakuruhusiwa kuruka kutoka kuona hadi kutenda bila kusema ameamua nini na kwa nini. Hicho ndicho kichwa cha sababu kwa sura yake ya kwanza, na mtu aliyetaka kukikwepa alibaki na pengo ambalo kila msomaji angeliona.

Karne ya ishirini ilipoanza, hospitali za Marekani zilikuwa na wapasuaji hodari na mafaili matupu. Ernest Codman wa Boston alidai kila mgonjwa afuatiliwe hadi matokeo yajulikane, na kila kasoro iandikwe pamoja na chanzo chake. Mwaka 1914 aliacha nafasi yake katika Hospitali Kuu ya Massachusetts kwa kuwa wakubwa hawakukubali kupimwa kwa njia hiyo, akaendesha hospitali yake ndogo na kuchapisha makosa yake mwenyewe. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilibeba sehemu ya wazo lake. Kilikagua hospitali 692 zenye vitanda mia moja au zaidi, na 89 tu ndizo zilizofikia kiwango. Orodha ya majina ya hospitali hizo ikachomwa moto mwaka 1919 isije ikawafikia waandishi wa magazeti. Kiwango chenyewe hakikuwa kigumu: pamoja na mengine machache, kilitaka faili kamili lenye malalamiko ya mgonjwa, uchunguzi, tiba ya upasuaji na yaliyokutwa. Waliochoma orodha hiyo walijua wazi kwamba kichwa cha habari kisicho na maelezo chini yake ni ushahidi dhidi ya hospitali.

Miongo kadhaa kabla ya hapo mashine ilileta desturi nyingine iliyovuta upande wa pili. Mwaka 1878 Thomas Edison alipotaja kazi za santuri yake mpya, ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kuandikisha barua kwa sauti. Hospitali za Ulaya na Marekani zikaizoea desturi hiyo: mpasuaji alivua glavu, akasema, na mpiga chapa akaandika. Katika hospitali zetu za wilaya mashine hiyo haikuwa ya lazima, kwani kuna mtu. Mpasuaji, ambaye tangu miaka ya 1960 mara nyingi amekuwa daktari msaidizi, husema huku muuguzi au tabibu aliyemsaidia akiandika kwenye faili. Wapasuaji wa Amref, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 kwa ajili ya kuruka hadi hospitali za mbali, waliifahamu sana hali hii: ndege ikishaondoka, maneno waliyoyaacha ndiyo mpasuaji pekee aliyebaki wodini. Ubaya wa kusema ni kwamba mtu husimulia anavyokumbuka. Kinachomkaa kichwani ni kilichomsumbua, na kilicho dhahiri kwake hakitamki.

Tutazame mfano mmoja uliotungwa, lakini wa aina inayotokea kila mahali ambapo mama hufika amechelewa. Mpasuaji anasema: "Mama wa miaka ishirini na minne, mimba ya pili, ganzi ya mgongo. Tumeingia kwa mkato wa chini wa kulala. Sehemu ya chini ya mfuko imevutika, nyembamba sana, mkojo kwenye mfuko wa katheta una damu. Kichwa kilikuwa kimekwama, msaidizi akakisukuma kutoka chini, mtoto wa kiume kilo tatu na nusu, amelia. Mkato ukachanika kushoto kuelekea chini kama sentimita tatu, tukaushona. Mfuko tumefunga matabaka mawili. Damu kama mia tisa. Kibofu kizima. Vitambaa na vyombo vimetimia." Kwa mtu aliyekuwepo, hayo yanatosha kabisa. Mwandishi anapoanza kuyagawa ndipo mapengo yanapojitokeza.

Chini ya sababu hakuna kitu. Kukwama kwa kichwa kunadokeza uchungu uliozuiwa, lakini kudokeza si kusema. Mwandishi hana ruhusa ya kuandika sababu aliyoikisia. Anarudi na swali: mama alikaa muda gani njia ikiwa imefunguka yote, na mapigo ya mtoto yalikuwaje? Chini ya yaliyokutwa vinaingia wembamba wa mfuko, kichwa kilichokwama, damu kwenye mkojo na kibofu kizima, kwa kuwa hayo yalionekana, hayakutendwa. Chini ya yaliyofanyika linatokea swali la pili, zito kuliko yote: mkato wa chini wa kulala ni wa ngozi au wa mfuko? Mpasuaji alisema mara moja akimaanisha vyote viwili, lakini msomaji wa Mbeya baada ya miaka mitatu hatajua. Jibu linaandikwa kwa mistari miwili, mmoja wa ngozi na mmoja wa mfuko. Ufungaji unapokea matabaka mawili, na swali la tatu kuhusu aina ya uzi na namna ngozi ilivyofungwa. Mchaniko wa kama sentimita tatu unaingia kwenye matatizo, ukiwa na upande wake, urefu wake na namna ulivyoshonwa, na damu kama mililita 900 inaandikwa hapohapo. Neno "kama" halifutwi, ili kipimo cha macho kisigeuzwe kuwa cha mizani.

Mgawanyo huo unabadilisha matibabu ya usiku uleule. Damu kwenye mkojo ikizama katikati ya masimulizi, muuguzi wa wodi atatoa katheta asubuhi kama kwa mama mwingine yeyote. Ikisimama chini ya yaliyokutwa, inaamsha agizo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka katheta ibaki hadi mkojo uwe safi, na kwa uchungu uliozuiwa isitolewe kabla ya saa 48 tangu upasuaji. Kibofu kilichogandamizwa kwa muda mrefu kikiachwa kijae, ukuta wake unaweza kuoza na kutoboka siku kadhaa baadaye, na mama akapata fistula.

Wako wanaopinga, na hoja zao si dhaifu. Wa kwanza husema vichwa vinakata kisa vipandevipande na kuua uhusiano wa tukio na chanzo chake: mfuko ulichanika kwa kuwa kichwa kilikwama, na ukivitenganisha umepoteza fundisho. Hiyo ni kweli iwapo kila kichwa kitaandikwa kama hesabu ya vitu. Lakini hakuna kanuni inayozuia masimulizi ndani ya kichwa. Sehemu ya yaliyofanyika ibaki na mfuatano wa matukio kama yalivyokwenda, na sehemu ya matatizo itaje chanzo kwa sentensi moja. Kinachokatazwa ni kumlazimisha msomaji mwenye haraka kutafuta mchaniko katikati ya kilo za mtoto na idadi ya vitambaa.

Wa pili wana hoja nzito zaidi. Wanasema fomu huzaa uvivu: mtu hunakili maelezo ya jana, akabadilisha jina na umri. Tangu MTUHA ilipoingia hospitalini miaka ya 1990, na sasa mifumo ya kompyuta, hatari hiyo imekua, maana safu iliyokwisha kujazwa ni rahisi kuliko safu tupu. Hata hivyo, udanganyifu wa fomu hukamatika kuliko ule wa masimulizi. Mkaguzi akikuta damu ya mililita 500 katika kila faili la mwezi mzima, au "mfuko wa kawaida" kwa mama aliyefika na uchungu wa siku mbili, amepata alama ya kunakili bila kuuliza mtu. Kinga yake ni kanuni moja: fomu isianze na majibu ndani yake. Hasa chini ya matatizo, neno "hakuna" liandikwe tu pale mpasuaji alipolitamka. Nafasi tupu maana yake hakuulizwa. "Hakuna" maana yake aliulizwa akajibu. Anayezichanganya amemwekea mpasuaji kiapo ambacho hakuapa.

Wa tatu wanahofia lawama: kichwa cha matatizo ni kama kukiri kosa kabla ya kushtakiwa. Codman alionyesha gharama ya hofu hiyo kwa upande wake, na wagonjwa huilipa kwa upande wao. Mchaniko wa kichwa kilichokwama ni tukio linalojulikana la uchungu uliozuiwa, na ukiandikwa na namna ulivyoshonwa unamtetea mpasuaji kuliko unavyomshtaki. Usipoandikwa, siku mama atakapovuja damu au kupasuka kwenye kovu lilelile, faili litaonyesha tu kwamba hakuna aliyeuliza.

Kwa wilaya ambayo mama mmoja anaweza kupitia hospitali tatu katika mimba tatu, uamuzi unafuata wenyewe. Anayeandika anachosema mpasuaji apewe mamlaka ya kumuuliza kabla hajatoka chumba cha upasuaji, na kazi yake ipimwe kwa maswali aliyoyarudisha, si kwa kasi ya kujaza karatasi. Mama naye aruhusiwe kutoka wodini akiwa na mstari mmoja kwenye kadi yake ya kliniki, unaosema mfuko wake ulikatwa wapi na kama anaweza kujaribu kujifungua kawaida.