Ngano, Mahindi ama Muhogo: Mbona Mkate Mwingine Unafura na Mwingine Unakuwa Tofali?

Muhoroni miwa iko kila upande, so sukari si stori. Kinachouma mfuko ni unga wa ngano, ndio maana wasee wanajiuliza kama wanaweza kuongezea mahindi ama muhogo kwa mkate. Unaweza, lakini kuna mahali pa kusimama.

Siri ni gluteni. Ngano ina protini mbili ambazo ukizitia maji na kukanda, zinashikana na kuwa wavu unaovutika kama raba. Hamira ikitoa gesi, wavu unaizuia na donge linafura. Mahindi na muhogo hayana huo wavu, so gesi inatoroka. Mahindi matupu yanakupa mkate wa kuvunjikavunjika, na muhogo, ambao karibu wote ni wanga, unakupa kitu kizito na cha kunata ndani.

Sasa pima. Kwa gramu 500 za unga, weka 450 za ngano na 50 za muhogo. Tofauti utaiona kidogo tu. Muhogo ukifika 100, mkate unaanza kuwa mfupi na mzito. Ukitaka kupita hapo, pika keki: mayai yatasaidia kuishikilia.

Kabla ya kuoka, vuta kipande cha donge. Kikiwa chembamba hadi mwanga upite bila kuraruka, iko fiti. Kikikatika, kanda dakika tano zaidi. Kikikataa bado, wakati mwingine punguza muhogo.