Urari wa Picha Ukutani

Fundi yuko juu ya stuli na msumari mdomoni, mwenye nyumba amekaa kwenye sofa. "Ziweke sawa," anaambiwa. Fundi analaza pimamaji juu ya fremu, povu linatulia katikati, anashuka. "Bado, fundi, zinavutia kushoto." "Mama, maji hayadanganyi." Mabishano ya namna hii yako Katesh, yako Dongobesh, yako mjini Mbulu, na aghalabu hayaishi kwa sababu kila mmoja anasema kweli. Neno "sawa" wanalorushiana limebeba mambo matatu, na kila jambo lina kipimo chake.

La kwanza ni usawa, yaani ukingo wa juu wa fremu kulala kama maji yalivyolala. Hilo ni la pimamaji na halina ubishi. La pili ni ulinganifu: upande wa kulia kuwa nakala ya upande wa kushoto. Ofisi ya kata ambayo picha ya Mwalimu Nyerere na ya Rais aliyeko madarakani zinakaa kwa kimo kimoja, ndani ya fremu za ukubwa mmoja, ina ulinganifu, na hapo kazi ni rahisi. Sebuleni mambo ni mengine. Picha ya harusi ni kubwa kama kabati, ya kipaimara ni ndogo, ya mlima ilinunuliwa na fremu yake. Nakala haipatikani. Kinachotafutwa ni jambo la tatu: kundi zima lionekane limetulia, lisiegemee upande, ingawa pande zake hazifanani.

Jambo hilo la tatu mafundi wa usanifu hulitaja kwa maneno ya kigeni, na waandishi wetu wamelipa majina mengi: mlingano, uwiano, mizani. Mimi nachagua urari. Uwiano ni wa hesabu, kiasi kimoja kwa kingine, mbili kwa tatu. Mizani imekwisha kushikwa na duka na ushairi. Urari tunausikia kila mwaka kwenye taarifa za uchumi, urari wa biashara na urari wa malipo, na maana yake pale ndiyo hasa tunayoihitaji ukutani: upande mmoja unaweza kuwa na kitu kimoja kikubwa, wa pili vidogo kadhaa, hoja ni jumla zinavyokutana. Washairi nao husema urari wa vina na mizani, ila wao wanataka hesabu zilingane mstari kwa mstari, kwa hiyo ukutani nafuata wahasibu.

Tuupime urari huo kwenye ukuta mmoja. Chukua sebule ya Katesh, ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa plasta, chini yake sofa yenye urefu wa sentimita 200 na mgongo wa kimo cha sentimita 90. Picha ziko tatu. Ya harusi ina upana wa sentimita 60 na kimo cha 80. Ya kipaimara na ya Mlima Hanang zimelala, kila moja upana 40 na kimo 30. Mama anataka harusi ikae kushoto, ndogo mbili zipangwe kulia, moja juu ya nyingine. Kabla ya kutoboa chochote, ukuta unapigwa picha ukiwa mtupu na mpango unafanyiwa juu ya picha hiyo.

Picha ya simu peke yake haina kipimo, na ukiinua simu ikatazama juu, ukuta unafinyika kadiri unavyopanda. Fremu uliyoichora chini kwa ukubwa halisi itakuwa kubwa mno ukiisogeza juu. Dawa ni kuupa ukuta alama kabla ya kupiga. Bandika vipande vinne vya selotepu ya rangi viwe pembe za mstatili wa sentimita 200 kwa 100. Mistari ya mlalo ipimwe kwa pimamaji, ya wima kwa timazi. Hakiki kwa njia ambayo kila mwashi anaijua kutoka kwenye msingi wa nyumba: pima ulalo wa pembe hadi pembe, kisha ulalo wa pili. Zote mbili zikisoma sentimita 223 na nusu hivi, mstatili wako ni wa kweli. Zikitofautiana, umepinda, rudia.

Simama mkabala na katikati ya mstatili, simu ikiwa kwenye kimo cha katikati hiyo. Rudi nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu. Usikimbilie lenzi pana ya 0.5x eti ukuta wote uingie. Lenzi hiyo hukunja mistari iliyonyooka karibu na kingo za picha, na mkunjo huo haunyooshwi kwa kuvuta pembe. Baada ya hapo fungua Snapseed, chagua Perspective, vuta mpaka vipande vinne vikae kwenye pembe mraba. Tuseme sasa upande wa sentimita 200 unasoma pikseli 1600. Wa sentimita 100 lazima usome 800, na ulalo mbili zilingane. Ikiwa upande mfupi unasoma 760, picha imenyooka lakini imebanwa, na kila fremu utakayochora itatoka na kimo cha uongo. Ikikubali, skeli yako ni pikseli 8 kwa sentimita. Harusi itachorwa pikseli 480 kwa 640, na ndogo 320 kwa 240.

Wengi hupima hivi: kutoka ukingo wa kushoto wa harusi hadi ukingo wa kulia wa picha ndogo, pamoja na nafasi ya sentimita 5 katikati, ni sentimita 105. Nusu yake ni 52.5. Wanaweka alama hiyo juu ya katikati ya sofa, wanatundika, na ndipo mama anaposema zinavutia kushoto. Zinavutia kweli. Kundi limegawanywa kwa kingo zake, na jicho halihesabu kingo, linahesabu uzito.

Uzito wa kuanzia ni eneo. Harusi ina sentimita za mraba 4800, ndogo mbili kwa pamoja 2400. Anayebeba maji kwa mzega, ndoo moja ikiwa na maji maradufu ya nyingine, hauweki mti begani katikati. Bega husogea kwenye ndoo nzito mpaka mkono wa upande mwepesi uwe mara mbili ya upande mzito. Fanya vivyo hivyo. Kutoka katikati ya harusi hadi katikati ya safu ya picha ndogo ni sentimita 55. Gawa kwa tatu: bega linakaa sentimita 18 na kitu kutoka katikati ya harusi, na karibu 37 kutoka katikati ya ndogo. Bega hilo ndilo liwe juu ya katikati ya sofa. Ukilinganisha na mpango wa kwanza, kundi zima limehamia kulia kwa sentimita 4 tu. Juu ya simu ni pikseli 33, kidole kimoja, lakini kwa aliyekaa mbele ya ukuta ndizo zinazomaliza ule mvuto.

Eneo lina mpaka wake. Fremu nyeusi nene yenye picha ya giza huonekana nzito kuliko fremu nyembamba yenye anga jeupe, hata zikiwa na ukubwa mmoja. Ikiwa picha ya Hanang imejaa mawingu na ya harusi ina pazia jekundu lililokoza, bega litataka kusogea kidogo zaidi kuelekea harusi. Sijui kipimo cha kuamua kiasi chake, na sidhani kinahitajika. Weka picha halisi za fremu tatu juu ya picha ya ukuta, igeuze yote iwe nyeusi na nyeupe, kisha itazame ukiwa umefinya macho. Kinachobaki ni madoa ya giza na mwanga, na upande unaozama utauona.

Kimo sasa. Kwetu picha hupandishwa mpaka karibu na dari na kuinamishwa mbele kwa kamba, kana kwamba zinasalimia wageni. Mimi sizipendi hivyo. Zinaachana na sofa na kuwa mali ya dari. Ukiacha sentimita 20 juu ya mgongo wa sofa, harusi inaanza kimo cha 110 na kuishia 190, katikati yake ikiwa 150, jirani na macho ya mtu mzima aliyesimama. Safu ya ndogo, yenye jumla ya sentimita 65 pamoja na nafasi yake ya 5, igawanywe juu na chini ya 150 hiyo hiyo.

Kosa linalobomoa mpango mzuri huja mwishoni, kwenye msumari. Picha inaonyesha ukingo wa fremu, na fundi anapigilia msumari, na vitu hivyo viwili haviko mahali pamoja. Vuta kamba ya nyuma kwa kidole kama msumari utakavyoivuta, pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu. Kwa harusi ikisoma 7, msumari unakaa kimo cha 183. Kila fremu ina namba yake. Anayepigilia misumari yote kwa mstari mmoja anapata misumari iliyo sawa na picha zisizo sawa. Misumari miwili kwa fremu kubwa huizuia kuteleza kwenye kamba kila mlango unapobamizwa. Na pimamaji lenyewe lihakikiwe: lisome, ligeuze kichwa kiwe mkiani mahali pale pale, lisome tena. Povu likihama, chombo ndicho kimepinda.

Hata pimamaji zuri linaweza kushindwa na nyumba. Dari ikishuka sentimita 2 kutoka kona hadi kona, fremu iliyolala kama maji itaonekana imepinda, kwa kuwa jicho huipima kwa mstari mrefu ulio jirani. Kwenye picha ya simu utalijua hilo mapema: mstatili wa selotepu umekaa vizuri na ukingo wa dari unateremka. Shusha kundi mbali na dari kabla ya kufikiria kuipindisha fremu. Kwa umbali wa kutosha, sofa ndiyo inayokuwa mstari wa kulinganisha.

Nyumba za miti na udongo, ambazo bado ziko nyingi vijijini Mbulu na Hanang, zinageuza mpango mzima. Msumari haushiki udongoni. Unaachia, unatoka na kipande cha ukuta. Unashika kwenye mti. Hapo gonga ukuta kwanza, tia alama ya chaki kila unaposikia mti, halafu ndipo upige picha. Juu ya picha hiyo fremu haziwezi kuhamia popote utakapo. Kila moja inaning'inia kwenye mti wake, na bega la mzega linatafutwa kati ya mistari ya chaki. Mara nyingine miti haikubali hesabu. Basi ni kubadilisha fremu ipi inakaa mti upi, au kupigilia ubao mmoja mrefu unaoshika miti miwili na kutundika zote juu yake.